Kusahau Ndani ya Swala: Lini Sijda Mbili Zinatosha na Lini Hazitoshi

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Masahaba zake.

Miongoni mwa maswali yanayotufikia mara kwa mara ni hili: "Nimesahau kitu katika Swala, nikasujudu sijda mbili kabla ya salamu. Je, Swala yangu imesihi?" Jibu haliwezi kuwa moja kwa kila muulizaji. Inategemea ni kitu gani alichosahau. Wapo wanaosahau Atahiyatu ya kwanza, na sijda mbili zikawatosha. Wapo waliosahau rukuu au Alhamdu, wakasujudu vilevile wakaondoka wakidhani mambo yamekwisha, na kumbe Swala bado iko juu ya shingo zao.

Kwa hiyo katika makala hii tunataka anayeanza kujifunza aelewe jambo moja kwa ukamilifu: sijda ya kusahau haichukui nafasi ya nguzo. Nguzo iliyosahauliwa hurudiwa kufanywa yenyewe, kisha ndipo sijda huja juu yake. Tutaeleza kwa mujibu wa madhehebu ya Imamu Shafi (Allah amrehemu), ambayo ndiyo yanayosomeshwa katika vyuo vingi vya visiwani kwetu, na pale penye tofauti inayokutana na watu misikitini tutaitaja kwa ufupi.

Sijda ya kusahau hufanywaje?

Tuanze na namna ya kuifanya, kwa sababu ni nyepesi kuliko wengi wanavyodhani. Ni sijda mbili tu, kama sijda zako za kila siku, mwisho wa Swala na kabla ya kutoa salamu. Fuata hatua hizi:

1. Kaa kitako cha mwisho, usome Atahiyatu yote, umswalie Mtume (s.a.w.) na jamaa zake, na uombe dua yako kama ulivyozoea. Usitoe salamu.
2. Nuia moyoni kwamba unasujudu sijda ya kusahau. Usiitamke nia hii kwa ulimi, kwani ungali ndani ya Swala na maneno ya nje huibatilisha. Maamuma anayemfuata imamu wake katika sijda hii hahitaji nia ya peke yake.
3. Sema "Allahu Akbar" na usujudu. Tulia, na usome tasbihi ile ile ya sijda, "Subhana Rabbiyal Aala", mara tatu.
4. Inuka kwa takbira, ukae kitako cha baina ya sijda mbili, utulie na usome dua yake.
5. Sujudu mara ya pili kama ya kwanza.
6. Inuka ukae, kisha toa salamu kulia na kushoto. Hakuna Atahiyatu nyingine baada ya sijda hizi.

Hata kama umesahau mambo matatu au manne katika Swala moja, sijda ni hizo hizo mbili. Hazizidishwi kwa wingi wa makosa.

Hukumu yake kwa Mashafi ni sunna. Aliyeiacha, Swala yake imesihi, ila imepungukiwa na fadhila ya kurekebishwa. Isipokuwa maamuma: imamu wake akisujudu, basi humlazimu asujudu pamoja naye.

Ndugu yetu utakayeswali nyuma ya imamu wa madhehebu mengine usishangae ukimwona anasujudu baada ya salamu. Mahanafi huisujudu baada ya salamu. Maliki huitanguliza ikiwa Swala imepungua, na huichelewesha ikiwa imezidi. Hadithi sahihi zimekuja kwa namna zote mbili, kama tutakavyoona, na kila imamu amezioanisha kwa elimu yake.

Mambo ya Swala ni ya daraja tatu

Sasa tuje kwenye mzizi wa mas'ala. Ukitaka kujua la kufanya unaposahau, jiulize kwanza: nilichosahau ni cha daraja gani?

Daraja la kwanza ni nguzo. Hizi ndizo mwili wa Swala: nia, takbira ya kuhirimia, kusimama kwa anayeweza, kusoma Alhamdu, kurukuu, kuitadili, kusujudu mara mbili, kukaa baina ya sijda mbili, Atahiyatu ya mwisho pamoja na kitako chake, kumswalia Mtume (s.a.w.) ndani yake, salamu ya kwanza, na kupanga mambo hayo kwa utaratibu wake. Waliosoma Safinatun Naja chuoni wanazikumbuka kuwa ni 17, kwa sababu kitabu hicho kinahesabu kutulia katika rukuu, itidali, sijda na kitako kuwa ni nguzo mbalimbali. Vitabu vingine vina hesabu tofauti, lakini mambo yenyewe ni yale yale.

Daraja la pili ni sunna kubwa, ambazo wanavyuoni wameziita "abaadhi". Hizi ni Atahiyatu ya kwanza na kitako chake, kumswalia Mtume ndani yake, kuwaswalia jamaa zake katika Atahiyatu ya mwisho, na kunuti ya Swala ya Alfajiri pamoja na kunuti ya witri katika nusu ya mwisho ya Ramadhani. Hizi zikiachwa, sijda ya kusahau huziba pengo lake.

Daraja la tatu ni sunna ndogo, "haia". Humo mna dua ya kufungulia Swala, sura inayosomwa baada ya Alhamdu, tasbihi za rukuu na sijda, takbira za kupandia na kushukia, na kusoma kwa sauti katika Swala za usiku. Ukisahau hizi huna la kurekebisha. Hurudi nyuma kuzifanya, wala husujudu kwa ajili yake. Mtu aliyesoma Alhamdu ya Magharibi kimyakimya kwa kusahau hana sijda.

Basi kanuni ni fupi. Nguzo hurudiwa. Abaadhi husujudiwa. Haia huachwa.

Ukisahau Atahiyatu ya kwanza au kunuti

Hili ndilo linalotokea zaidi. Umeswali rakaa mbili za Adhuhuri, na badala ya kukaa ukainuka kwenda ya tatu. Nyuma yako watu wanasema "Subhanallah". Ufanye nini?

Tazama mwili wako umefika wapi. Ikiwa hujasimama wima sawasawa, rudi ukae usome Atahiyatu. Kama ulikuwa umekaribia zaidi kusimama kuliko kukaa, utasujudu mwisho wa Swala. Kama uliondoka kidogo tu, hakuna sijda. Lakini ikiwa umekwisha kusimama wima, usirudi. Umeingia katika nguzo ya kisimamo, na haifai kuiacha nguzo kwa ajili ya sunna. Endelea na rakaa ya tatu, na kabla ya salamu sujudu sijda mbili.

Anayerudi kukaa baada ya kusimama wima, naye anajua kwamba haifai na amekusudia, Swala yake hubatilika. Akirudi kwa kusahau au kwa kutojua hukumu, haibatiliki, ila asimame mara tu anapokumbuka au kufahamishwa, na atasujudu mwishoni.

Asili ya hukumu hii ni tukio alilolisimulia Abdullahi bin Buhayna (r.a.), lililopokewa na Bukhari na Muslim. Mtume (s.a.w.) aliwaswalisha Adhuhuri, akainuka baada ya rakaa mbili bila ya kukaa, na watu wakainuka naye. Alipomaliza Swala na watu wakingojea salamu yake, alipiga takbira akiwa amekaa, akasujudu sijda mbili, kisha akatoa salamu. Hakurudi nyuma, wala hakuongeza rakaa.

Kunuti ya Alfajiri huenda mwendo huo huo. Ukikumbuka kabla ya kuweka paji la uso chini kwa sijda, unaweza kurudi kwenye itidali na kuisoma. Na ikiwa ulikuwa umeinama kufikia kiwango cha rukuu, utasujudu mwishoni. Ukikumbuka umekwisha kusujudu, usirudi. Endelea, na sijda ya kusahau itatosha. Wasiofuata madhehebu ya Shafi na wasioona kunuti ya Alfajiri kuwa ni sunna ya kudumu, hao hawana sijda kwa kuiacha, na jambo hili lisiwe sababu ya watu wa msikiti mmoja kuvunjiana heshima.

Ukisahau nguzo: mfano wa sijda iliyoachwa

Hapa ndipo penye hatari, kwa hivyo tutakaa zaidi.

Ikiwa ulichosahau ni nia au takbira ya kuhirimia, basi hukuingia ndani ya Swala tangu mwanzo. Hakuna cha kutengeneza. Anza upya.

Nguzo nyingine zina kanuni yake. Ukikumbuka kabla hujafika kwenye mfano wa nguzo hiyo katika rakaa inayofuata, rudi mara moja uifanye, kisha endelea kutoka hapo. Ukikumbuka baada ya kuifikia ile ya mfano wake, basi ile ya pili inashika nafasi ya ile iliyoachwa, na yote yaliyofanywa kati yake yanafutika katika hesabu. Maneno haya ni mazito kwa anayeanza, kwa hiyo tuyatie katika mfano.

Mama anaswali Adhuhuri nyumbani peke yake, na mtoto mdogo anamvuta mtandio. Katika rakaa ya kwanza amesujudu sijda moja, mtoto akalia, naye akainuka moja kwa moja kwenda rakaa ya pili. Sijda ya pili hakuifanya, wala hakukaa kile kitako cha baina ya sijda mbili.

Hali ya kwanza: anakumbuka akiwa amesimama katikati ya Alhamdu ya rakaa ya pili. Hajafika kwenye sijda nyingine, kwa hiyo anarudi papo hapo. Anashuka, anakaa kitako na kutulia, kisha anasujudu ile sijda iliyobaki. Sasa rakaa ya kwanza imetimia. Anasimama tena na kuanza Alhamdu upya, kwa sababu kile alichokisoma mwanzo alikisoma kabla ya wakati wake. Anaendelea mpaka rakaa nne zitimie, na kabla ya salamu anasujudu sijda ya kusahau. Akikumbuka hivi kisha akaendelea mbele kwa makusudi bila ya kurudi, Swala yake inabatilika.

Hali ya pili: hakukumbuka mpaka alipokuwa ameketi katika Atahiyatu ya kwanza. Kwa macho, ameswali rakaa mbili. Kwa hukumu ameswali moja. Rakaa ya kwanza ilikuwa na upungufu wa sijda, na upungufu huo umezibwa na kitako na sijda alizozifanya katika rakaa ya pili. Kisimamo, Alhamdu, rukuu na itidali za rakaa ile ya pili havihesabiwi. Kwa hiyo hapo alipo ni mwisho wa rakaa ya kwanza. Ainuke aswali rakaa ya pili, akae Atahiyatu ya kwanza mahali pake, kisha aswali ya tatu na ya nne. Kabla ya salamu atasujudu sijda mbili za kusahau.

Hali ya tatu: hakukumbuka mpaka ametoa salamu, naye bado yuko juu ya msala wake. Amefanya visimamo vinne, lakini rakaa zilizosihi ni tatu. Anainuka bila ya takbira mpya ya kuhirimia, kwa sababu anaijenga Swala ile ile, anaswali rakaa moja kamili, anasoma Atahiyatu, anasujudu sijda ya kusahau na kutoa salamu.

Sasa zingatia. Lau mama huyu katika hali hii ya tatu angesujudu sijda mbili za kusahau peke yake na kuondoka, angekuwa ameswali Adhuhuri ya rakaa tatu, na Adhuhuri ya rakaa tatu haipo. Sijda mbili zile si ile sijda aliyoiacha, wala si rakaa iliyopungua. Hiyo ndiyo maana ya kusema kwamba sijda ya kusahau haichukui nafasi ya nguzo.

Hukumu huwa nyepesi zaidi ikiwa sijda iliyoachwa ni ya rakaa ya mwisho. Hapo hakuna rakaa iliyokuja baada yake kuharibika. Anaifanya sijda ile, anarudia Atahiyatu, anasujudu sijda ya kusahau, na salamu. Na kama anajua kwamba ameacha sijda moja lakini hajui ni ya rakaa ipi, basi achukue lililo zito: ahesabu kuwa si ya rakaa ya mwisho, na alete rakaa nzima. Ndivyo atakavyotoka na yakini.

Alhamdu nayo ni hivyo hivyo. Ukiwa katika rukuu ukakumbuka kwamba hukuisoma, simama uisome, kisha urukuu upya. Hata ukitia shaka tu kama uliisoma au hukuisoma, hukumu ni kusimama na kuisoma, kwa sababu asili ni kwamba hujafanya mpaka uwe na yakini.

Ukitia shaka idadi ya rakaa

Kusahau kwa namna nyingine ni kupotewa na hesabu. Uko katika Isha, hujui hii ni ya tatu au ya nne. Abu Said Al-Khudri (r.a.) amepokea kutoka kwa Mtume (s.a.w.), katika hadithi iliyo katika Sahihi Muslim, mafunzo ya wazi kwa mtu huyu: aitupe shaka, ajenge juu ya lile aliloliyakinisha, kisha asujudu sijda mbili kabla ya salamu. Ikiwa ameswali tano, sijda hizo zitaifanya Swala yake iwe shufwa. Ikiwa ameswali nne kamili, zitakuwa ni za kumdhalilisha shetani.

Yakini ni ile idadi ndogo. Mwenye kutia shaka baina ya tatu na nne ana hakika ya tatu, na shaka ni ya ile ya nne. Basi ahesabu tatu, alete ya nne, asujudu na atoe salamu. Kwa Mashafi, ataichukua idadi ndogo hata kama moyo wake unaelekea zaidi kwenye ile kubwa. Wapo wanavyuoni wengine wanaosema mwenye dhana yenye nguvu afuate dhana yake, kwa hadithi ya Ibn Masud (r.a.), na kauli hiyo ina wafuasi wake.

Na je, shaka ikiondoka kabla ya salamu? Angalia ilikuwa wapi. Ikiwa ulitia shaka katika rakaa ya tatu kama ni ya tatu au ya nne, ukakumbuka kuwa ni ya tatu kabla hujainuka kwenda ya nne, huna sijda, kwa sababu rakaa ile ingehitajika kwa hali yoyote. Ukikumbuka baada ya kuinuka, unasujudu, kwa sababu uliinukia rakaa ambayo ulipoinuka ilikuwa inaweza kuwa ya ziada.

Kinyume chake ni aliyezidisha kwa hakika. Ameinuka kwenda rakaa ya tano, akakumbuka au akakumbushwa. Huyu asingoje kuimaliza. Akae mara moja pale alipokumbuka, asome Atahiyatu kama hakuwa ameisoma, asujudu na atoe salamu. Kama hakukumbuka mpaka rakaa ya tano imekwisha, Swala yake ni sahihi kwa sababu hakukusudia. Mtume (s.a.w.) aliwahi kuswali Adhuhuri rakaa tano, kama alivyosimulia Ibn Masud (r.a.). Alipoambiwa baada ya salamu, alisujudu sijda mbili. Hapo sijda ilikuja baada ya salamu kwa sababu hakuwa amejua kabla yake.

Kukumbuka baada ya salamu

Lipo tofauti kubwa baina ya kukumbuka kwa yakini na kutia shaka baada ya salamu.

Shaka inayokuja baada ya salamu, "huenda nimeswali tatu", haina athari. Uliingia ndani ya salamu ukiwa umetulia kwamba Swala imetimia, basi usiifungue tena. Kinachovuliwa ni shaka katika nia au takbira ya kuhirimia, kwa sababu hiyo ni shaka kama uliingia katika Swala au hukuingia.

Yakini ni jambo jingine. Ukikumbuka kwa hakika kwamba umepunguza rakaa au nguzo, na muda uliopita ni mfupi, unarudi na kukamilisha kama tulivyoeleza. Dalili yake ni kisa mashuhuri cha Dhul-Yadayni, alichokisimulia Abu Hurayra (r.a.). Mtume (s.a.w.) alitoa salamu baada ya rakaa mbili katika mojawapo ya Swala za mchana, akainuka na kuegemea gogo lililokuwa msikitini. Abu Bakr na Umar (r.a.) walikuwapo, lakini walistahi kumsemesha. Dhul-Yadayni akamuuliza kama Swala imepunguzwa au yeye amesahau. Mtume (s.a.w.) akawauliza watu, wakamthibitishia. Akaswali rakaa zilizobaki, akatoa salamu, kisha akasujudu sijda mbili na kutoa salamu. Katika kisa hiki tunaona kwamba kuinuka, hatua chache na maneno machache kwa mwenye kudhani Swala imekwisha havikuzuia kuijenga.

Muda mfupi haukupimwa kwa dakika. Unarudishwa kwenye desturi ya watu. Aliye bado msalani au anayetoka mlangoni, muda wake ni mfupi. Aliyekwenda sokoni akarudi, muda wake ni mrefu, na huyo anaiswali upya tangu mwanzo. Vilevile anaanza upya aliyetokwa na udhu, au aliyekanyaga najisi isiyosamehewa.

Na kama ulichosahau ni sijda ya kusahau yenyewe, ukatoa salamu kwa kusahau na muda ni mfupi, unaweza kusujudu na kutoa salamu tena. Muda ukirefuka, imekupita, na Swala yako ni sahihi.

Nyuma ya imamu

Ukisahau wewe nyuma ya imamu, kwa mfano ukaacha kumswalia Mtume katika Atahiyatu ya kwanza, imamu wako anakubebea na husujudu. Lakini imamu hakubebei nguzo. Ukikumbuka baada ya kusonga naye mbele kwamba uliacha Alhamdu au sijda katika rakaa moja, usirudi nyuma ukampinga. Mfuate, na baada ya salamu yake inuka ulete rakaa moja.

Imamu akisimama na kuacha Atahiyatu ya kwanza, simama naye. Usibaki umekaa kuisoma peke yako. Ukiwa ni wewe uliyesimama kwa kusahau naye amekaa, rudi ukae, kwani kumfuata ni wajibu juu yako. Imamu akisujudu sijda ya kusahau, sujudu naye hata kama hukujua alichosahau. Akitoa salamu bila ya kusujudu na wewe unajua kwamba amekosea, sujudu wewe baada ya salamu yake, kisha utoe yako.

Aliyechelewa na kukuta rakaa zimempita husujudu pamoja na imamu kwa ajili ya kumfuata. Kisha huinuka kukamilisha zake, na hurudia sijda ya kusahau mwisho wa Swala yake, kwa sababu hapo ndipo mahali pake hasa. Makosa yake mwenyewe katika rakaa alizozikamilisha peke yake hayabebwi na imamu, bali huyasujudia.

Imamu akiinukia rakaa ya tano nawe una hakika, usimfuate. Mwanamume aseme "Subhanallah" kwa nia ya kumtaja Allah, na mwanamke apige kiganja cha kulia juu ya mgongo wa mkono wa kushoto. Asipozinduka, ama umngoje ukiwa umekaa, au unuie kufarikiana naye, ukamilishe Atahiyatu yako na utoe salamu.

Hukumu zote hizi ni za Swala za faradhi na za sunna. Aliyesahau katika kabliya, tarawehe au witri husujudu vilevile. Swala ya maiti haimo, kwa kuwa haina rukuu wala sijda.

Basi linapokutokea, usikimbilie sijda mbili kabla ya kujiuliza lile swali la mwanzo: nilichokiacha ni cha daraja gani? Kama ni nguzo, ilete kwanza. Kama ni Atahiyatu ya kwanza au kunuti, endelea na usujudu. Kama ni sura au tasbihi, endelea na Swala yako. Na likikutatiza lisiloingia katika mifano hii, mweleze mwalimu wako au imamu wa mtaa wako ulivyofanya hatua kwa hatua, akuongoze.

Wallahu aalam.